"Msanii Hajulikani": Ni Nani Alimuuliza?

Kuna maneno mawili yananikera kila nikiyaona chini ya picha ya kinyago ama kigoda cha kale kutoka Afrika: "msanii hajulikani." Yameandikwa kwa herufi ndogo, kama jambo la kawaida tu, halafu unaendelea na safari yako. Leo nataka tuyasimamie kidogo hayo maneno. Lakini kabla tufike Kongo, ambako hadithi yenyewe iko, nianze nyumbani.

Dada ya shosho yangu alipofariki, vitu vyake viligawanywa, na kukatokea mzozo juu ya kiondo kimoja. Shangazi mmoja alisema kimefumwa na marehemu mwenyewe, kwa hivyo kibaki kwa familia. Mwingine akasema hapana, hicho kilinunuliwa sokoni, kila mtu anajua. Shosho hakusema kitu. Alikichukua, na sisi tukadhani ataangalia rangi na michoro ya mbele, ile kila mtu huangalia. Wapi! Alikigeuza ndani nje kama soksi, akaanza kupapasa kitako kwa vidole, pale kamba za kwanza zinapokutana, na pale mfumaji anapoongeza kamba mpya ili kiondo kipanuke. Akasema, "Michoro mtu yeyote anaiga. Hapa hakuna mtu huiga, kwa sababu hakuna mtu huangalia."

Halafu akanyamaza kidogo, akaongeza, "Hii ni ya dada yangu. Ama ni ya yule msichana aliyemfundisha." Hiyo "ama" tutairudia mwisho.

Miaka mingi baadaye ndio nilikuja kusoma kwamba alichofanya shosho kina historia kubwa huko Ulaya. Aliyekifanya kuwa njia rasmi ya kutambua kazi za wachoraji ni Mwitaliano mmoja anaitwa Giovanni Morelli.

Morelli alizaliwa Verona mwaka wa 1816. Alisomea udaktari Ujerumani lakini hakufanya kazi ya kutibu. Kitu alichotoka nacho chuoni ni anatomia ya kulinganisha, yaani kuweka mfupa huu kando ya ule na kuuliza unafanana wapi na unatofautiana wapi. Baadaye aliingia siasa, akawa mbunge na kisha seneta wa Italia, lakini muda wake mwingi aliutumia akizunguka makanisa na majumba ya picha. Kati ya 1874 na 1876 alitoa makala kwa Kijerumani, na mwaka wa 1880 akatoa kitabu juu ya picha za Kiitaliano zilizokuwa Munich, Dresden na Berlin. Cha kuchekesha ni kwamba hakutumia jina lake. Alijifanya Mrusi anayeitwa Ivan Lermolieff. Ukilipanga upya jina hilo unaona "Morelli" amejificha ndani, na mkia wa Kirusi umebandikwa mwishoni.

Sasa, shida aliyokuwa anaitatua ni hii. Makumbusho ya wakati huo yalijaa picha zenye majina makubwa ambayo hayakuwa na uhakika. Wachoraji wengi wa karne za 15 na 16 hawakuweka sahihi. Waliyoweka, mfanyabiashara yeyote mjanja angeweza kuiongeza kwenye picha ya mtu mwingine. Karatasi za mauzo zilipotea. Wataalamu nao walikuwa wanaamua kwa kusimama mbele ya picha na kusikia "roho" ya mchoraji. Mmoja anasikia roho ya Titian, mwingine anasikia roho ya mwanafunzi wake, na hakuna njia ya kuwaamua.

Morelli akasema, acheni uso. Uso wa Bikira Maria, mkao wa mwili, tabasamu, hizo ndizo sehemu ambazo mchoraji alikuwa makini zaidi, na ndizo sehemu ambazo mwanafunzi wake na mwigaji pia walikuwa makini zaidi. Ukitaka kumpata mtu, mtafute mahali ambapo hakuwa anajichunga. Angalia ndewe ya sikio. Angalia kucha. Angalia jinsi nguo inavyokunjika pale kwenye kiwiko ama gotini. Mchoraji ameshachora masikio mia tano maishani mwake. Hafikirii tena, mkono unajiendea wenyewe. Yeye alilinganisha jambo hilo na watu wanavyoongea. Kila mmoja wetu ana neno analolirudia bila kujua, na marafiki zake wanamjua kwa hilo neno hata gizani.

Kwenye kitabu chake aliweka michoro midogo ya mikono na masikio peke yake, bila miili, yamepangwa kama vipuri. Ukiyaona mara ya kwanza unadhani ni kitabu cha daktari. Botticelli, kwa mfano, alisema ana mkono wenye mifupa mifupa, usio mzuri lakini wenye uhai, na kucha za mraba zilizozungushiwa mstari mweusi. Titian yeye, kwenye picha za wanaume, hunenepesha kupita kiasi ile nyama ya chini ya kidole gumba. Hakuna mteja aliyewahi kulipia picha kwa sababu ya kucha. Ndiyo maana kucha zinafaa kama ushahidi.

Kesi iliyompa jina ni ya Dresden. Kulikuwa na picha ya mwanamke uchi amelala nje, nyuma yake kuna vilima. Orodha ya makumbusho ilikuwa imeiandika kama nakala: kwamba Sassoferrato, mchoraji wa karne ya 17, alinakili kazi ya Titian iliyopotea. Nakala ya kitu kilichopotea, manake si kitu cha kusimamia. Morelli akasema hii si nakala, hii ni kazi halisi ya Giorgione, mchoraji wa Venice aliyefariki mwaka wa 1510 akiwa bado kijana. Leo ile picha ni moja ya fahari za Dresden.

Lakini hapa lazima nikuwe mkweli, kwa sababu watu hupenda kuisimulia hii hadithi kama uchawi wa sikio moja. Haikuwa hivyo. Kazi za Giorgione zenye uhakika ni chache sana, kwa hivyo hata vitu vya kulinganisha navyo vilikuwa vichache. Kilichomsaidia Morelli pia ni maandishi. Mwaka wa 1525, bwana mmoja wa Venice, Marcantonio Michiel, aliandika alichokiona kwenye nyumba ya familia ya Marcello: Venus uchi amelala kwenye mandhari, pamoja na Kupido, kazi ya Giorgione, ila mandhari na Kupido vilimaliziwa na Titian. Picha ya Dresden haikuonekana na Kupido. Lakini alikuwepo miguuni mwa Venus, ni vile alikuwa ameharibika na kupakwa rangi juu katika karne ya 19. Eksirei baadaye zilimwonyesha.

Soma tena hayo maneno ya Michiel. Picha moja, mikono miwili. Mpaka leo wataalamu hawajakubaliana Giorgione aliishia wapi na Titian alianzia wapi. Kwa hivyo hata ushindi mkubwa wa Morelli unakuambia kwamba swali "ni nani alichora hii?" linaweza kuwa na majibu mawili kwenye turubai moja.

Ukitaka kujaribu hii njia mwenyewe, hatua zake si ngumu kuelewa. Kwanza unahitaji nanga, yaani kazi ambayo una uhakika ni ya nani, kwa mkataba, ama risiti, ama mtu aliyeshuhudia. Bila nanga unaelea tu. Pili, unachukua viungo vidogo vya ile kazi, sikio, mkono, mkunjo wa nguo, unavichora ama unavipiga picha peke yake, unaviweka kando ya vile vya kazi inayobishaniwa. Tatu, na hapa ndipo wengi huanguka, unajiuliza kama hiyo alama ni ya mtu mmoja ama ni ya mtaa mzima. Kama kila fundi wa mji ule anakunja nguo vile, mkunjo umekuambia mji tu, haujakuambia mtu. Nne, unatafuta alama kadhaa ambazo hazitegemeani. Sikio moja likifanana, hiyo ni bahati. Sikio, kucha na mkunjo wa nguo vikifanana pamoja, hapo sasa unaweza kuanza kuongea.

Na hata ukifuata hatua zote, bado unaweza kupotea vibaya. Ngoja niwape mfano wa aliyepotea, tena mtaalamu mkubwa.

Bernard Berenson alikuwa Mmarekani aliyeichukua njia ya Morelli na kuifanya kazi ya maisha. Mwaka wa 1899 alichapisha makala kuhusu kundi la picha za Florence ambazo zilimsumbua. Zilifanana na za Botticelli, lakini si Botticelli kamili. Zilifanana pia na za Filippino Lippi, lakini si Filippino anayejulikana. Alama zake ndogo zilikuwa zinafanana zenyewe kwa zenyewe. Berenson akafanya kile njia inaruhusu: akasema hapa kuna mchoraji ambaye historia imemsahau. Kwa kuwa hakuwa na jina, akamtungia. Jina halisi la Botticelli ni Alessandro, kwa ufupi Sandro. Basi huyu akaitwa Amico di Sandro, yaani Rafiki wa Sandro. Akapewa kazi, akapewa tabia, akaanza kutajwa vitabuni kama mtu aliyewahi kuamka asubuhi na kunywa chai.

Huyo mtu hakuwepo. Miongo kadhaa baadaye Berenson mwenyewe alimfuta, na picha nyingi alizokuwa amempa zikarudi kwa Filippino Lippi alipokuwa kijana. Ukiijua familia yenyewe unaona kosa lilitoka wapi. Botticelli alifundishwa na Fra Filippo Lippi. Halafu Botticelli naye akamfundisha Filippino, ambaye ni mtoto wa yule mwalimu wake. Mkono ulikuwa unapita kwa hiyo nyumba ukirudi. Kijana Filippino alichora kama mwalimu wake, kisha akakua, akabadilika. Berenson aliona tofauti, na tofauti ilikuwepo kweli. Alichokosea ni kudhani tofauti mbili lazima ziwe za watu wawili, kumbe ni mtu mmoja kwa umri mbili.

Weka hilo akilini, sasa twende Kongo.

Mashariki mwa Kongo, upande wa mto Lualaba, kwenye nchi ya Waluba na majirani zao Wahemba, kigoda cha chifu hakikuwa kiti cha kukalia tu. Kilikuwa alama ya mamlaka yenyewe, na mara nyingi kilichongwa kama mwanamke anayebeba kikalio kwa kichwa na mikono. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, vigoda vingi vya aina hiyo vilibebwa kwenda Ulaya na maofisa na wafanyabiashara. Walioandika, waliandika mahali kilipotoka, pengine na kabila. Jina la aliyechonga halikuwa kwenye fomu.

Mwaka wa 1937 kulifunguliwa maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo mjini Antwerp, Ubelgiji. Aliyeyaandaa ni mtaalamu wa mila na tamaduni, Frans Olbrechts. Akiwa na vitu vingi hivyo mahali pamoja, Olbrechts aliona jambo ambalo mtu anayetazama kigoda kimoja kimoja kwenye miji tofauti hangeliona. Kulikuwa na kikundi kidogo cha vigoda na sanamu ambacho kilikuwa tofauti na vingine vyote vya Waluba.

Kazi nyingi za Waluba zina sura laini, ya mviringo, tulivu, kama mwanamke kijana asiye na shida duniani. Hiki kikundi kilikuwa na nyuso ndefu, nyembamba, za watu walioona mengi. Mashavu yamebonyea, mifupa ya mashavu imetoka nje, kidevu kimechongoka, kope ni nzito na macho yamefungwa nusu. Mikono nayo ni mikubwa kupita kiasi, vidole virefu vimebapa, vimeinuliwa kando ya kichwa kushika kikalio. Ukikiona kimoja, cha pili utakitambua ukiwa mbali.

Olbrechts akachukua njia ile ile ya Ulaya akaitumia kwa mbao za Kongo. Akaviweka vile vitu kando kando, akalinganisha, akasema hivi havifanani kwa sababu ya kabila tu. Hapa kuna karakana, na huenda kuna mkono wa mtu mmoja. Kwa kuwa asili ya vitu viwili vya kikundi hicho ilikuwa imeandikwa kuwa kijiji cha Buli, akauita mtindo wa uso mrefu wa Buli. Baadaye dunia ikazoea kusema "Bwana Fundi wa Buli."

Jamani, hilo lilikuwa jambo kubwa. Wakati huo wengi Ulaya walikuwa wanaamini kwamba Mwafrika akichonga, ni kabila linachonga. Ati mkono ni wa mila, hauna mwenyewe. Olbrechts alionyesha kwa vidole na kope kwamba kulikuwa na mtu, mwenye tabia yake, aliyekuwa anachonga tofauti na jirani yake. Na alifanya hivyo bila nanga. Morelli alianza na jina akaenda kutafuta kazi. Olbrechts alianza na kazi, jina hana.

Lakini kumbuka Rafiki wa Sandro. Kikundi ni kikundi, si lazima kiwe mtu. Kwa hivyo wengine walirudi kuvikagua vile vitu. Mwaka wa 1980 Susan Vogel, mtaalamu Mmarekani wa sanaa ya Afrika, aliandika makala akiuliza swali hilo hilo: hapa kuna fundi mmoja, ama kuna na mikono mingine? Leo vinajulikana vitu karibu 20 vya mtindo huu, na ukiviangalia kwa utulivu havijatoka pamoja. Vingine vimechongwa kwa ukali na uhakika, vingine ni kama mtu anayefuata mfano.

Hapa ndipo shauri la Morelli linakuwa na maana zaidi, na ndipo mimi nadhani watu wengi hukosea wakiongea juu ya Buli. Wanasema, "Si unaona uso mrefu? Basi ni yeye." Lakini uso mrefu ndio kitu maarufu cha huyu fundi. Ndio kila mtu alikuja kuutafuta. Mwanafunzi wake akitaka kumfuata ataanza na uso mrefu, na mwenye kughushi Ulaya akijua bei yake ataanza papo hapo. Kwa kazi za Buli, uso uko mahali ambapo uso wa Bikira Maria uko kwa kazi za Italia. Unakuita uingie, lakini hauwezi kukupa jibu. Jibu unalitafuta kwenye umbo la sikio, kwenye jinsi vidole vinavyoungana na kiganja, kwenye mgongo ambao uko nyuma na hauonekani kwenye picha ya kitabu, kwenye mistari ya chale tumboni kama imekatwa kwa pigo moja ama imekwaruzwa mara tatu. Na hata baada ya yote hayo unabaki na maswali matatu ambayo jicho haliwezi kuyamaliza: je, ni mafundi wawili, ni mwalimu na mwanafunzi, ama ni mzee mmoja ambaye mkono wake ulibadilika na umri, kama wa Filippino?

Kitu kilichosogeza mambo mbele hakikutoka kwenye jicho la mtaalamu wa makumbusho. Kilitoka kwa kuuliza kule kwenyewe. Kumbukumbu za upande ule wa Kongo zilitoa jina: Ngongo ya Chintu, fundi wa kijiji cha Kateba. Makumbusho ya Metropolitan ya New York, ambayo yana kimoja cha vile vigoda, sasa yanataja jina hilo, wakitanguliza neno "huenda." Mimi naipenda hiyo "huenda." Ni ya uaminifu. Inasema tuna mkono, tuna jina, na tunadhani vinakutana, lakini hatujafunga faili.

Nataka muone vile hizo kazi mbili zimegawanyika. Jicho lilitoa mkono. Watu walitoa jina. Kulinganisha vidole hata kwa miaka 100 hakungeweza kutoa neno "Ngongo," kwa sababu jina halichongwi kwenye kidole. Na mtu wa kijiji hangeweza kujua kwamba kigoda kimoja kiko London, kingine kiko Berlin, kingine New York, na vyote vinafanana. Ilihitajika mtu wa kuvikusanya na mtu wa kuuliza. Aliyekusanya alitokea miaka 40 hivi baada ya vitu kuchukuliwa. Maswali yakaja nyuma zaidi, wakati wale waliomjua fundi ana kwa ana walikuwa wamelala kaburini zamani. Ile "huenda" ndiyo bei ya kuchelewa huko.

Sasa fikiria afisa aliyesimama mbele ya kigoda mwaka wa 1897 ama 1900. Fundi mwenyewe pengine alikuwa ameshafariki, lakini watoto wake, wanafunzi wake, wateja wake walikuwa pale pale. Swali lingechukua dakika moja: "Hiki kilichongwa na nani?" Ndio maana hayo maneno "msanii hajulikani" yananikera. Yanaongea kama vile kutojulikana ni tabia ya msanii. Kusema ukweli, kibao kingeandikwa "mchukuaji hakuuliza."

Kuna watu wataniambia, "Lakini wewe, hao wachongaji wenyewe hawakujali majina, kazi ilikuwa ya jamii." Inawezekana kwa mahali fulani. Lakini sisi tusijidanganye kwamba kutoweka sahihi ni kutojulikana. Botticelli naye karibu kazi zake zote hazina sahihi. Wateja wake walijua wanamlipa nani. Na chifu aliyetaka kigoda alijua anaenda kwa fundi gani, kwa sababu kama angeweza kwenda kwa yeyote, zile nyuso ndefu zisingekuwepo.

Sasa turudi kwa kiondo.

Shosho alisema ni ya dada yake, "ama ni ya yule msichana aliyemfundisha." Mimi nilidhani amekwama. Baadaye ndio nikaelewa kwamba alikuwa amefika mwisho wa kile vidole vyake vingeweza kumwambia, na alikuwa na adabu ya kusimama hapo. Mwanafunzi mzuri huongeza kamba kama mwalimu wake. Kitako kilimwambia nyumba, hakikumwambia mtu. Wale shangazi wawili walikuwa wanataka jibu moja ili mmoja ashinde. Shosho akawaambia, "Si yule msichana yuko hai? Mwiteni."

Aliitwa. Sasa ni mama wa watu, ana wajukuu. Alikishika, akacheka, akasema, "Kitako ni changu. Nilikuwa najifunza, nikachoka. Mama yenu alikichukua akakimalizia kutoka hapa." Akaonyesha kwa kidole mahali penyewe, na ukipapasa pale kweli unasikia kamba inaanza kukazwa zaidi.

Kiondo kilibaki kwa familia. Na mimi siku hiyo nilichukua simu, nikamwomba shosho aniambie kila kiondo kilichomo ndani ya nyumba ni cha mkono wa nani, na nikaandika kwenye kipande cha karatasi ndani ya kila kimoja. Vilikuwa saba. Viwili hakukumbuka. Kwa hivyo viwili nimeviandika hivi: "Shosho aliulizwa, hakukumbuka."